Kosa linaloonekana baada ya barua kutumwa

*Mimi ndiye ninayeandika barua za chama chetu. Kila nikimaliza naisoma barua mara tatu na kuona iko sawa. Nikishaituma tu, nikiifungua tena nakutana na makosa: herufi zilizokosewa, neno lisilo lake, nyakati zinazorukaruka. Naambatisha aya moja ya barua ambayo bado sijaituma. Nifanyeje ili makosa haya niyaone mapema?*

Ndugu msomaji,

Hizo mara tatu hazikusaidii kwa sababu zote unasoma kwa namna moja, nayo ni kusoma kwa kufuata maana. Maana ya barua hiyo unaijua kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo jicho halina haja ya kugusa kila herufi. Linashika mwanzo wa neno na umbo lake, akili inamalizia. Ukisha kuituma, unaanza kuisoma kama atakavyoisoma aliyeandikiwa, na hapo kosa linajitokeza lenyewe. Dawa yake ni kuigawa kazi: mara ya kwanza usome kwa ajili ya nyakati tu, mara ya pili kwa ajili ya maneno tu, mara ya tatu kwa ajili ya herufi na tarakimu tu. Katika kila mzunguko jiruhusu kupuuza mengine yote.

Aya yako naiweka hapa kama ilivyofika, maana ina karibu kila aina ya kosa unaloliuliza. Barua yenyewe umeiandika tarehe 18 Machi 2026, na hilo litatufaa mbele.

> Tarehe 2 Machi 2026 tuliagiza viti 40 kutoka kwenu. Siku hiyo hiyo tulipa gharama yote na mmetuandikia barua ya kudhibitisha kwamba viti vyote vitafika ndani ya wiki mbili. Ijumaa tarehe 12 Machi tulipokea viti 36. Tukiona kwamba viti 5 kati ya hivyo vimevunjika miguu, tunamwarifu dereva, lakini alikata kuvirudisha. Vitu vinne vilivyobaki hatukuvipokea hadi leo. Tunaomba mtatuletea viti 9 hili tuweze kuvitumia kabla ya tarehe 30 Machi. Tunategemea mtatua tatizo hili mapema.

Usitegemee mstari mwekundu wa kompyuta kukuokoa hapa. Programu ya kukagua tahajia huuliza swali moja tu: je, neno hili lipo? Na katika Kiswahili, ukibadilisha herufi moja ndani ya kitenzi, mara nyingi unapata kitenzi kingine halali kabisa. "Tukiona" ni neno sahihi, "alikata" ni neno sahihi, "vitu" ni neno sahihi. Hakuna la kuwekewa mstari. Kama programu yako imewekwa katika lugha nyingine hali ni mbaya zaidi, kwa sababu inapigia mstari karibu kila neno na baada ya dakika chache jicho linazoea wekundu. Katika hali hiyo ni afadhali kuzima ukaguzi huo, na pamoja nao usahihishaji wa papo kwa papo, ambao hubadilisha neno ulilochapa vizuri kuwa neno la lugha nyingine bila kukuuliza.

Anza na nyakati. Wengi huanza na herufi kwa kuwa ndizo nyepesi kuonekana, kisha wanarudi kubadilisha vitenzi, na kila kitenzi kinachochapwa upya ni nafasi nyingine ya kukosea herufi. Ukianza na nyakati, herufi utazikagua mara moja tu, mwishoni.

Chukua karatasi. Andika vitenzi vyote vya aya kwa mpangilio wake, kimoja kwa kila mstari, bila maneno mengine. Vya ku-, kama "kuvirudisha", viache, kwa sababu havibebi wakati. Aya yako inakupa vitenzi 16. Kisha mbele ya kila kitenzi andika jambo hilo lilitokea lini, ukilitoa kwenye kumbukumbu yako ya mambo yalivyokwenda, usilitoe kwenye kitenzi chenyewe. Utapata kitu kama hiki:

> tuliagiza: tarehe 2
> tulipa: tarehe 2
> mmetuandikia: tarehe 2
> vitafika: mwisho wake tarehe 16, imepita
> tulipokea: siku ya kupokea viti
> tukiona: siku hiyo
> vimevunjika: kabla hatujavipokea
> tunamwarifu: siku hiyo
> alikata: siku hiyo
> vilivyobaki: tangu siku hiyo
> hatukuvipokea: bado hadi leo
> tunaomba: leo
> mtatuletea: baada ya leo
> tuweze: baada ya leo
> tunategemea: leo
> mtatua: baada ya leo

Sasa makosa hayajifichi tena ndani ya sentensi. Tazama mambo ya siku ya kupokea viti: tulipokea, tukiona, tunamwarifu, alikata. Ni siku moja, tukio moja lililokwisha, lakini vitenzi vinne vina viambishi vitatu tofauti: -li-, -ki-, -na-, kisha -li- tena. "Tunamwarifu" ndiyo iliyopotoka waziwazi. Iliingia kwa sababu ulipokuwa ukiandika uliliona tukio mbele ya macho yako na kulisimulia kama linalotendeka. Kwenye hadithi hiyo ni mbinu nzuri, lakini kwenye barua ya madai msomaji hatajua kama dereva ameshaarifiwa au bado.

Kuna njia mbili za kuisahihisha. Ya kwanza ni kuvipa vyote -li-: tulipokea, tuliona, tulimwarifu, alikataa. Ya pili ni kuanza na -li- kisha kufuatisha na -ka-: tulipoona, tukamwarifu, akakataa. Faida ya -ka- ni kwamba inaonyesha mfuatano yenyewe. Msomaji anajua kipi kilitangulia bila wewe kuandika "kisha" au "baada ya hapo". Ina masharti, hata hivyo. Sharti iwe imetanguliwa na kitenzi kinachoweka wakati, kwa kawaida chenye -li-, na matukio yafuatane kweli kwa mpangilio huo. Mimi ningetumia -ka- mara mbili hivi katika aya moja ya barua, nisizidishe. Zikifika tano mfululizo, barua ya kudai viti inaanza kusikika kama ngano.

Rudi juu, kwenye "mmetuandikia". Jambo lenye tarehe iliyotajwa na kupita huandikwa kwa -li-. Kiambishi -me- huangalia hali iliyopo sasa kutokana na jambo lililokwisha, ndiyo maana hakikai vizuri na "siku hiyo hiyo". Iandike "mlituandikia", au "mkatuandikia" kwa kuwa inafuata malipo. Kosa hili hutokea sana pale sentensi mbili zilizoandikwa wakati tofauti zinapounganishwa kwa "na". Kwa hiyo unapokagua nyakati, kila ukikuta "na" inayounganisha vitenzi viwili, simama uvilinganishe.

"Vitafika" inahitaji kufikiriwa kidogo. Unaripoti ahadi. Kama muda wa ahadi ungekuwa haujafika, "mkatuandikia kwamba viti vyote vitafika" ingekuwa sawa kabisa. Lakini wiki mbili kuanzia tarehe 2 zilikwisha tarehe 16, na barua ni ya tarehe 18. Hapa "vingefika" inafaa zaidi, kwa sababu inamwonyesha msomaji kwamba hiyo ni ahadi ya wakati ule na siyo jambo ambalo bado mnalingojea. Ukiacha "vitafika", mtu mwenye nia ya kukwepa anaweza kuisoma kana kwamba muda bado upo.

Kitenzi ninachokiona kizito kuliko vyote katika aya yako ni "hatukuvipokea hadi leo". Ukanushi wa -li- ni -ku-, na ukanushi wa -me- ni -ja-. "Hatukuvipokea" inalifunga jambo: wakati ule ulipita, havikuja, basi. "Hatujavipokea" inaliacha wazi: tulivitarajia, tunavitarajia bado, na mlango haujafungwa. Maneno "hadi leo", "mpaka sasa" na "bado" yote yanaita -ja-. Kwa mtu anayedai, tofauti hiyo ni tofauti kati ya kusimulia hasara na kudai deni. Ikiwa barua ni ndefu, fungua kisanduku cha kutafuta kwa `Ctrl+F`, andika `hatuku` na upitie kila kilichojitokeza, kisha ufanye hivyo kwa `hatuja`. Utakutana na maneno kama "hatukubali", ambayo hayahusiki, yaruke tu. Kwa njia hiyo hiyo unaweza kutafuta `tuli`, `tume`, `tuna` na `tuta`. Na kama barua imeandikwa kwa nafsi ya mtu mmoja, `nili`, `nime`, `nina` na `nita`. Kwa barua ya kurasa tatu au nne hii ni haraka kuliko karatasi, ingawa haikuonyeshi vitenzi vyenye watendaji wengine, kama dereva wako na viti vyenyewe.

Sasa "vimevunjika". Mtu aliyekwisha kuamua kwamba aya yote iwe katika -li- atakibadilisha kitenzi hiki kuwa "vilivunjika", na hapo ataiharibu barua. "Tuliona kwamba viti 5 vimevunjika" maana yake ni kwamba tulipovitazama tulivikuta tayari viko katika hali ya kuvunjika. "Tuliona kwamba viti 5 vilivunjika" inaacha nafasi ya kuuliza: vilivunjika lini, mikononi mwa nani? Muuzaji anaweza kushika hapo hapo. Kulinganisha nyakati hakumaanishi kutumia kiambishi kimoja kila mahali. Kunamaanisha kwamba kila kiambishi kina sababu yake unapokitazama kando ya tarehe uliyoiandika kwenye karatasi.

Mwisho wa mzunguko huu ni "Tunaomba mtatuletea". Baada ya "tunaomba", "tunataka", "tunashauri" na "ili", kitenzi hakibebi wakati. Huishia na -e: "Tunaomba mtuletee". Kosa la kuweka -ta- hapo linatokana na kufikiria tarehe ya kuletewa badala ya ombi lenyewe. Tahadhari moja: vitenzi vyenye asili ya Kiarabu vinavyoishia na i, u au e havibadiliki mwisho, kwa hiyo "tunaomba mjibu" na "tunaomba mtuarifu" ziko sawa kama zilivyo. Na kama barua yako nyingine ina masharti, hakikisha pande mbili zinalingana: "mngetuarifu, tungejiandaa" au "mngalituarifu, tungalijiandaa", usichanganye moja ya huku na moja ya kule.

Mzunguko wa pili ni wa maneno. Hapa uliza kila neno: likisimama peke yake, nje ya sentensi hii, lina maana gani? Sentensi ndiyo inayolificha neno baya, kwa kuwa maneno ya jirani yanalikopesha maana lisiyo nayo.

"Kudhibitisha" ni mfano mzuri. Yapo maneno mawili: kuthibitisha, yaani kuhakikisha kwamba jambo ni kweli, na kudhibiti, yaani kuzuia au kuweka chini ya mamlaka. "Kudhibitisha" ni mchanganyiko wa hayo mawili, na barua ya kukiri agizo ni barua ya kuthibitisha. Sauti za th, dh na z ndizo zinazotega watu wengi zaidi: thamani ya kitu na dhamana ya mkopo, dhana na zana, kuadhimisha sikukuu na kuazimisha kitu. Jozi nyingine ni za r na l, kama mahali na mahari, kalamu na karamu, kura na kula. Herufi h nayo huongezwa au kuachwa, na matokeo yake yanaweza kuaibisha: mkutano huahirishwa, na anayeandika kwamba "umeharishwa" ametaja ugonjwa wa tumbo.

Aya yako ina kosa la h pale "hili tuweze". "Ili" hutaja kusudi. "Hili" huonyesha kitu cha karibu. Unaweza kushawishika kuamuru kompyuta ibadilishe kila `hili` kuwa `ili` kwa mkupuo mmoja. Usifanye hivyo. Sentensi yako ya mwisho ina "tatizo hili", ambalo ni sahihi, na ungelipoteza. Hata kutafuta tu `ili` kutakuletea "tulilipa", kwa sababu herufi hizo zimo ndani yake. Washa chaguo la neno zima, linaloandikwa `Find whole words only` katika Microsoft Word, kisha amua moja baada ya jingine.

"Tunategemea mtatua" ina maneno mawili ya kuangaliwa. La pili litafika kwenye herufi. La kwanza, kutegemea, ni kumwegemea mtu au kitu kwa msaada. Jambo unalolingojea litokee unalitarajia. Katika mazungumzo watu wengi husema "nategemea atakuja" na wanaelewana, lakini katika barua rasmi "tunatarajia" haina utata. Vivyo hivyo "aidha" ni neno la kuongezea hoja. Anayetaka kuchagua kati ya mawili aandike "ama" au "au".

Kisha zikague kauli za vitenzi, maana kiambishi kidogo mwishoni hugeuza nani alitenda na nani alitendewa. Kukodi ni kuchukua kwa malipo, kukodisha ni kutoa kwa malipo. Tuliletewa viti, hatukuvileta. Tulilipa sisi, walilipwa wao. Na kulipiza ni jambo lingine kabisa, ambalo hutaki lionekane kwenye barua ya madai. Katika aya yako kauli ziko sawa, ila kwa barua za kuagiza, kukopa na kukodi ukaguzi huu haurukwi.

Ninashauri uwe na orodha yako mwenyewe ya maneno kumi hadi kumi na matano ambayo vidole vyako hukosea mara kwa mara. Usichukue orodha ya mtu mwingine, kwa sababu kila mmoja ana mitego yake. Kila barua inapokamilika, litafute kila neno la orodha kwa `Ctrl+F`. Kwa ukurasa mmoja ni kazi ya dakika tano.

Mzunguko wa tatu ni wa herufi na tarakimu, na hapa lazima uivunje maana ili jicho lisikimbie. Chapisha barua kwenye karatasi, au kama huna namna, badilisha aina ya herufi na uzikuze, ili mistari ikatike mahali tofauti na ulipozoea. Funika mistari ya chini kwa karatasi nyingine. Kisha anza na sentensi ya mwisho, usome kwa sauti, upande hadi ya kwanza. Ukisoma kwa kurudi nyuma hadithi haikubebi, na kila sentensi unakutana nayo kama ngeni. Njia hii haifai kwa nyakati, kwa kuwa nyakati zinahitaji mfuatano. Ndiyo maana tumezitenga.

Soma ukitamka silabi zote. Kiswahili kina vitenzi ambavyo kiambishi cha wakati hufanana na silabi ya kwanza ya mzizi, na hapo vidole hula silabi moja. Tu-li-lipa inakuwa "tulipa". M-ta-tatua inakuwa "mtatua", na kutua ni kushuka chini kama ndege. Umewaambia wauzaji kwamba watatua tatizo, badala ya kulitatua. Kwa jicho havitofautiani, kwa sikio vinatofautiana mara moja. Basi kila ukikuta mizizi kama lipa, linda, lima, tatua au tatiza, hesabu silabi kwa kidole.

Irabu mbili zinazofuatana nazo hupotea. "Alikata kuvirudisha" ilitakiwa iwe "alikataa". Kukata na kukataa, kufa na kufaa, kuja na kujaa: yote ni maneno, na yote hupita mbele ya programu ya ukaguzi bila kuguswa.

Aina ya tatu ni ya funguo zinazopakana kwenye kibodi. Herufi K na L ziko jirani, na katika Kiswahili ndizo zinazotenganisha -ki- na -li-. Ndiyo sababu "tuliona" yako iligeuka "tukiona", na kosa la kidole likavaa sura ya kosa la wakati. U na I pia ni jirani, na hapo "viti" vikawa "vitu". Tazama jinsi kosa hili lilivyo gumu: viti na vitu viko katika ngeli moja, kwa hiyo "vilivyobaki" na "hatukuvipokea" vinakubaliana na vyote viwili na hakuna upatanisho wa kukushtua. N na M ni jirani pia, na zinaweza kugeuza "mtapokea" kuwa "ntapokea".

Tarakimu zikague peke yake, na kalamu mkononi. Viti 40 kutoa 36 ni 4. Vilivyovunjika ni 5. Vinne na vitano ni 9, na ndivyo unavyoomba. Hesabu iko sawa. Ila umeandika "vinne" kwa neno huku vingine vyote ni tarakimu; chagua namna moja. Tarehe zenye jina la siku zitazame kwenye kalenda. Tarehe 12 Machi 2026 ni Alhamisi. Ijumaa ni tarehe 13. Rekebisha baada ya kuangalia hati ya kupokelea mzigo, kwa sababu huwezi kujua kwa kukisia ni kipi ulichokosea, siku au tarehe. Katika aya iliyosahihishwa hapa chini nimechukulia kwamba siku ndiyo sahihi.

Usisahau sehemu ambazo jicho huziruka kwa mazoea: kichwa cha barua, jina na cheo cha unayemwandikia, na mstari wa kuagia. Jina la mtu lilinganishe herufi kwa herufi na alivyolisaini mwenyewe.

Aya inakuwa hivi:

> Tarehe 2 Machi 2026 tuliagiza viti 40 kutoka kwenu. Siku hiyo hiyo tulilipa gharama yote, nanyi mkatuandikia barua ya kuthibitisha kwamba viti vyote vingefika ndani ya wiki mbili. Ijumaa tarehe 13 Machi tulipokea viti 36. Tulipoona kwamba viti 5 kati ya hivyo vimevunjika miguu, tulimwarifu dereva, lakini alikataa kuvirudisha. Viti 4 vilivyobaki hatujavipokea hadi leo. Tunaomba mtuletee viti 9 ili tuweze kuvitumia kabla ya tarehe 30 Machi. Tunatarajia kwamba mtatatua tatizo hili mapema.

Nilipoandika "tulipoona" nilichagua -po- ili tukio la kuona lisimame nyuma ya lile la kumwarifu dereva. Ndilo unalotaka lisomwe kwa uzito. Ungeweza pia kuandika "Tuliona... tukamwarifu", nayo ni sahihi.

Bado kuna hatari moja, nayo inatoka kwenye kusahihisha kwenyewe. Ukibadilisha neno katikati ya sentensi, mabaki ya lile la zamani hubaki: "kwa kwa", "na na", au nafasi mbili. Ukibadilisha nomino, upatanisho wa zamani unaweza kusalia. Kama mwanzo ulikuwa umeandika "mizigo iliyobaki" ukaweka "viti" badala yake, "iliyobaki" itabaki vile vile. Kwa hiyo kila sentensi uliyoigusa isome tena nzima, kuanzia nukta iliyoitangulia hadi nukta inayoifunga, wala usisome neno ulilolibadilisha peke yake. Maneno yanayojirudia hupenda kujificha mwisho wa mstari mmoja na mwanzo wa unaofuata. Pitisha kidole ukingo wa kushoto na ukingo wa kulia wa karatasi.

Kama barua si ya dharura, ilale usiku mmoja kati ya mzunguko wa pili na wa tatu. Kama ni ya dharura, mwombe mwenzako mmoja wa chama akusomee kwa sauti kutoka kwenye karatasi, polepole, akitamka hata nukta na mkato, huku wewe ukifuata kwa kalamu kwenye nakala yako. Mpe yeye kusoma, na wewe ndiye ufuate, kwa sababu atasoma kilichoandikwa. Ukisoma wewe, utasoma ulichokusudia.

Ukisha kuhifadhi nakala ya mwisho, ifungue ile ile utakayoiambatisha na uangalie kama ina "tulilipa" na tarehe 13. Rasimu ya zamani yenye jina linalofanana ikikaa kwenye folda moja na iliyosahihishwa, ni rahisi sana kuituma ile isiyosahihishwa, kwa hiyo ihamishe rasimu hiyo kabla hujabonyeza kutuma.